Risala ya Mwalimu Teodora

Jumapili ile baada ya misa, watu wazima wapatao ishirini walijibana kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakigonga mbao, wakawa wanachekana. Shule yenyewe iko Mwanza, chini ya mawe makubwa, kati ya Mkuyuni na ziwa, na madirisha yake hayajawahi kuona kioo. Upepo wa ziwa uliingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Barua ilikuwa imekuja. Mwalimu Teodora Kokushubira, aliyefika hapo msichana mbichi kutoka Bukoba wakati shule ingali ya misheni, alikuwa anastaafu mwisho wa muhula. Miaka hiyo yote serikali ilikuwa imeichukua shule, walimu wakuu wamekuja na kwenda, darasa la nane limefutwa, Siasa imeingia kwenye ratiba na shamba la pamba limelimwa nyuma ya vyoo. Yeye yupo tu, darasa la kwanza mpaka la tatu, mwaka nenda mwaka rudi. Sasa ulikuwa mwaka sabini na sita, na waliosoma kwake walikuwa wameitana ili wamuage.

Kamati iliundwa palepale. Josephat, muuza samaki wa Kamanga, alifanywa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake. Shimba, seremala wa Igoma, alipewa jukumu la zawadi. Hapo palizuka mabishano. Mmoja alitaka baiskeli, wakamcheka: mama wa miaka hamsini na mitano aende na baiskeli wapi? Mwingine alitaka redio. Shimba ndiye aliyesimama akasema taratibu, "Jamani, kuna mtu hapa aliyewahi kumwona Mwalimu amekaa?"

Walifikiri. Hakuna. Alifundisha amesimama, alisahihisha amesimama kando ya dirisha, hata uji wa saa nne aliunywa amesimama mlangoni akiwahesabu watoto kwa macho.

"Basi nitamtengenezea kiti," alisema Shimba. "Cha mninga, chenye mikono."

Likabaki suala la risala. Risala ndiyo moyo wa kuagana: husomwa mbele ya mgeni rasmi, nakala moja hukabidhiwa kwake na nyingine kwa anayeagwa, akaiweke kabatini mpaka kufa kwake.

"Lisala aandike Belnadeta," alisema Shimba, na darasa zima likaangua kicheko, maana Mwalimu alikuwa amehangaika na ulimi wa Shimba miaka mitatu. R, alikuwa akiwafundisha, ni pikipiki inapanda mlima. L ni mtoto analamba sahani. Pikipiki ya Shimba haikuwahi kufika juu.

Bernadeta alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mpole, mwenye mwandiko ulionyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Alikubali bila kusihiwa. Moyoni alijiambia kwamba hata wangemchagua mwingine, mwenye haki ya kuandika risala ile alikuwa yeye. Kwa nini, hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote, hata mumewe.

Alikuwa darasa la tatu mama yake alipofariki, mwezi wa Novemba, mvua zikinyesha. Aliporudi shule baada ya mazishi, watoto walimkwepa kana kwamba kifo kinaambukiza. Saa ya mapumziko Mwalimu Teodora alimwita nyuma ya stoo. Alikuwa ameshika kifurushi cha jani la mgomba, na ndani yake senene wa kukaanga, wale panzi wa mvua ambao ndugu zake walimletea kwa meli kutoka Bukoba. Bernadeta, mtoto wa Kisukuma, hakuwa amewahi kuwaonja. Mwalimu alimlisha mmoja mmoja kama anavyolishwa kifaranga, kisha akamfuta mdomo kwa kiganja chake chenye vumbi la chaki, akamwambia, "Wewe ni wangu. Usiwaambie wenzako."

Hakuwaambia. Neno lile alikua nalo. Alilala nalo bwenini alipokwenda kusomea ukunga, alilikumbuka alipojifungua mtoto wake wa kwanza na hakuna mama wa kumshika mkono. Kila alipomwona Mwalimu sokoni Mkuyuni akichagua ndizi kwa kuzigonga kwa kidole, alimwamkia kwa heshima kama watu wote, lakini kifuani alikuwa na siri yake, naye akaenda zake ameshiba.

*

Alianza kukusanya kumbukumbu, maana risala bila kumbukumbu ni mchuzi bila chumvi. Jumatano, siku yake ya mapumziko, alipanda kivuko kwenda Kamanga kumwona Josephat.

Alimkuta kando ya vichanja vya dagaa, miguu peku, akimkaripia mtu kuhusu magunia. Alipomwona alinyamaza, akanawa mikono, wakakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Andika kucha," alisema Josephat. "Kila Jumatatu tunanyoosha mikono, naye anapita na wembe. Mwenye kucha ndefu anakatwa, lakini anakatwa kwa upole mpaka wengine tukawa tunazifuga makusudi. Andika tulivyoandika a, e, i, o, u kwa vidole mchangani, pale ufukweni, na wimbi likija linafuta, naye anasema, 'Ziwa limesahihisha, andika tena.' Andika siku fisi alipoonekana kwenye mawe, akatusindikiza wote nyumbani, ameshika fimbo ya ramani."

Bernadeta aliandika akicheka. Kisha Josephat akatazama majini, sauti yake kubwa ikashuka.

"Liko jingine. Hili usiliandike, nakuambia wewe tu. Baba alipotuhama, nilikataa shule. Mwalimu alinifuata, akanipeleka nyuma ya stoo. Akanipa wale panzi wa kwao. Akaniambia, 'Wewe ni wangu, usiwaambie wenzako.'" Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi ni mtu mzima, Bernadeta, nina wajukuu karibuni. Lakini mpaka leo mtu akinidharau, najiambia: huyu hajui kwamba Mwalimu alinichagua mimi."

Kalamu ilisimama. Bernadeta alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Hilo halifai kuandikwa."

Kwenye kivuko cha kurudi alisimama peke yake ukingoni. Mwanza ilikuwa inakaribia, mawe yake yamebebana kama mizigo ya msafiri, nyumba zimening'inia katikati. Alijaribu kujipa moyo: pengine ni wawili tu. Wawili si wengi. Lakini Ijumaa alipokwenda Igoma kuangalia kiti, Shimba, huku akipiga randa na vumbi la mninga limemkaa kwenye nyusi, alimweleza bila kuulizwa. Yeye ilikuwa kwa sababu ya kuchekwa ulimi. Stoo ileile, jani lilelile. "Mimi sikuwa namjua mtu anayenitaka," alisema. "Usiwaambie wenzetu. Wataona wivu."

*

Risala ilikataa kuandikika. Kila alipokaa mezani aliandika "Ndugu Mgeni Rasmi" kwa mwandiko mzuri kabisa, akaishia hapo. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ingemsaidia. Kilichomjaa ni upweke wa ajabu, kama kufiwa mara ya pili na mtu yuleyule. Akajipa kisingizio kwamba anahitaji tarehe za utumishi, akaenda kwa Mwalimu.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya shule, vyumba viwili na jiko la nje, na mwalimu mpya alikuwa ameshakuja kuichungulia. Mwalimu Teodora alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti ya zamani, amesimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Futa miguu kwanza, ndiyo uingie."

Alitoa tarehe zake bila kusita: mwaka alioanza kazi, mwaka alioongezewa cheo, mwaka aliopelekwa semina ya elimu ya watu wazima, akarudi na kufundisha akina mama kusoma chini ya taa ya chemli. Bernadeta aliandika yote. Kisha akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, unakumbuka mama yangu alipofariki? Ulinipeleka nyuma ya stoo."

Mwalimu alishika kikombe akakitazama, kana kwamba jibu limo ndani. "Mama yako ndiye yule mrefu, aliyekuwa anauza viazi?"

"Hapana, Mwalimu. Yule ni mama yake Shimba."

Nje kuku walikuwa wakiparura majivu.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema Mwalimu. "Ningeweza kukudanganya, lakini sitaki kukuaga kwa uongo."

"Ulinipa senene. Ukaniambia mimi ni wako. Na Josephat ulimwambia. Na Shimba." Alijisikia anadai kama mtoto, akaona haya.

Mwalimu Teodora aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Bernadeta hakuwa amewahi kukiona, nacho hakikuwa aibu wala kicheko.

"Niliwaambia wengi," alisema. "Wa kwanza nilimwambia mwaka ule ule niliofika. Mimi nilikuwa namlilia mama yangu aliyebaki Bukoba, naye alikuwa analilia wa kwake. Nikampa senene wangu, nikamwambia neno lililonijia. Kesho yake alikuja shule anakimbia."

"Kwa hiyo ilikuwa dawa."

"Mtu akitoa dawa, yeye halii. Mimi nililia, Bernadeta. Sikuolewa, sikuzaa. Kila niliyemwambia, siku ile alikuwa wangu kweli. Tatizo lenu ni kwamba mnakua." Akachukua kikombe kingine. "Mnakua, mnaondoka, na Januari naletewa wengine wasiojua hata kushika kalamu."

Bernadeta akapiga magoti, akaanza kumsaidia kufunga.

"Kule nyumbani," Mwalimu alisema baadaye, kama anayeongea na magazeti, "kaka yangu amenitengea kipande cha kibanja, migomba na kahawa kidogo. Watu wa rika langu wamekwisha. Waliobaki wataniita Koku. Sijaitwa Koku tangu mama alipofariki. Sijui kama nitaitika."

*

Usiku huo risala iliandikika, kurasa mbili za fulskepu. Kanuni ilitaka Mwalimu Mkuu aione kwanza. Mwalimu Mkuu Masalu, kijana nadhifu wa suti ya Chou En Lai, aliisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika: kuanza kazi, maendeleo ya shule, mchango wake katika elimu ya kujitegemea, kampeni ya kisomo. Alipofika kwenye kucha, fisi na wimbi linalofuta irabu, alichukua kalamu nyekundu.

"Dada Bernadeta, haya ni mazuri, lakini ni ya kusimuliana jikoni. Anakuja Katibu Kata. Risala ni kitu cha heshima. Badala yake ongeza aya juu ya shamba la pamba."

Aliongeza. Mkunga amezoea kufanya anachoambiwa na daktari, kisha kufanya kinachotakiwa.

Jumamosi uwanja ulifagiliwa alfajiri, mistari ya chokaa ikachorwa. Wanafunzi walipangwa kwa madarasa, wazazi wakakaa kwenye mabenchi ya kanisani yaliyoazimwa, na waliosoma zamani wakasimama nyuma, wameshuka kutoka Igoma, wamevuka kutoka Kamanga, wengine wametoka Sengerema kwa malori ya pamba. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cha kudarizi. Mwalimu Teodora aliketishwa kulia kwa Katibu Kata, amevaa gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani, akikalia ncha tu ya kiti cha ofisi kama anayesubiri kuinuka. Kwaya iliimba. Darasa la tatu wakacheza bugobogobo na majembe yao madogo, vumbi likapanda mpaka mezani. Josephat, mshereheshaji siku hiyo, hakuhitaji kipaza sauti.

"Sasa risala!"

Bernadeta alisogea mbele, akainama kidogo kwa meza kuu, akaanza. "Ndugu Mgeni Rasmi, Ndugu Mwalimu Mkuu, ndugu walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu." Alisoma vizuri, akipumzika kwenye vituo kama alivyofundishwa. Mtumishi hodari. Mfano wa kuigwa. Shamba la pamba. Katibu Kata alitikisa kichwa. Lakini alipoinua macho alimwona Mwalimu anatazama ziwani, juu ya vichwa vya watu wote, kama abiria aliyekwishaondoka. Risala ilikuwa inamsifu mtu mwingine, na Mwalimu alikuwa amekaa kwenye maziko ya mtu huyo kwa adabu.

Bernadeta alikunja karatasi.

"Ndugu Mgeni Rasmi, yaliyobaki hayamo kwenye karatasi," alisema, na akamwona Mwalimu Mkuu anakaza macho. "Sisi tuliosoma kwa mwalimu huyu tulikatwa kucha kila Jumatatu. R kwetu ni pikipiki inapanda mlima." Nyuma pakasikika kicheko. "Ziwa lilitusahihishia irabu zetu. Na alikuwepo mtoto aliyefiwa na mama yake. Mwalimu alimwita nyuma ya stoo, akamlisha senene kwenye jani la mgomba, akamwambia: wewe ni wangu, usiwaambie wenzako. Mtoto huyo ni mimi. Nimenyamaza miaka yote. Leo nawaambia."

Uwanja ulitulia kiasi cha kusikia bendera inavyojipiga mlingotini. Bernadeta aliona nyuso za watu wazima kule nyuma zikibadilika, moja baada ya nyingine, kama alivyobadilika yeye juu ya ule mtumbwi. Josephat alikuwa ameachama. Watu walitazamana, wakatazama chini.

Kisha mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Shimba, mkono mkubwa wenye makovu ya tupa, na vidole vyake vikalia ta, ta, ta, kama mtoto anayeomba kujibu.

"Na mimi, Mwalimu!"

"Na mimi!" akasema mama mmoja aliyebeba mjukuu mgongoni.

Mikono ikainuka kama mtama shambani. "Mimi, Mwalimu! Mimi!" Watu wenye mvi, konda wa basi, mtawa mmoja wa shirika la masista, wote wanapiga vidole, wanacheka na kulia, na watoto wa shule wamegeuka nyuma kushangaa wazee waliorukwa na akili. Josephat alisahau ratiba, akainua mkono wake naye, juu kuliko wote. Katibu Kata aliinama kumwuliza Mwalimu Mkuu kitu sikioni. Mwalimu Mkuu, ambaye hakusoma hapo, akainua mabega.

Mwalimu Teodora alikuwa amesimama. Aliwatazama safu kwa safu, midomo yake ikitembea, kama alivyowatazama kutoka mlangoni zama za uji. Hakuna aliyejua kama anawakumbuka majina.

"Shusheni mikono," alisema, na wakashusha wote mara moja.

Alivuta pumzi. "Mlinitunzia siri vizuri. Mimi mwenyewe sikuweza kuitunza, kila mwaka niliitoa." Kicheko kikapita, yeye hakucheka. "Nilipokuja hapa nilidhani nitakaa mwaka mmoja nirudi nyumbani. Kila Desemba nilifunga sanduku. Kila Januari nikaletewa mtoto analia mlangoni, nikalifungua. Sasa nakwenda nyumbani, na naogopa, wanangu, kwa sababu kule mlangoni hakutakuwa na mtoto. Asanteni. Sina zaidi."

Zawadi ilifuata. Shimba na wenzake walikuja na kiti wamekifunika khanga, wakacheza nacho hatua mbili mbele, moja nyuma, wanawake wakipiga vigelegele. Walipokifunua, mninga uling'aa wekundu wake juani. Wakamshika Mwalimu mikono, huku na huku, wakamkalisha. Safari hii alikaa hasa, mgongo umeegemea, viganja vimeshika mikono ya kiti. Akafumba macho. Bernadeta, akiwa bado na karatasi yake mkononi, alimpelekea nakala kwa mikono miwili na kupiga goti. Mwalimu aliipokea, akafumbua macho, akamtazama muda mrefu.

"Nilikuwa nimekusahau," alisema kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliisikia. "Sasa sitakusahau."

Bernadeta alirudi nyuma akiwa hajui neno lile limemponya au limemuumiza. Lilikuwa neno la kweli, na alikuwa amelisubiri tangu utotoni, ila halikuwa lilelile.

*

Jumatano jioni walikwenda bandarini kumsindikiza. Meli ya Bukoba ilikuwa imefunga gatini, wachukuzi wakipandisha makreti matupu ya soda, magodoro, mbuzi wawili wenye kelele. Kiti kilipanda kichwani kwa mchukuzi, kimevingirishwa gunia. Mwalimu Teodora aliagana nao mmoja mmoja, kwa haraka, kama anayegawa madaftari. Kwa Bernadeta alisema tu, "Wasalimie wagonjwa wako," akapita kwa anayefuata. Juu ya meli alitafuta nafasi kwenye reli, akapunga mkono kwa wote pamoja.

Honi ililia. Maji yakafunguka kati ya meli na gati, kwanza upana wa mkono, kisha wa mtumbwi. Walikiona kile kitambaa cheupe mpaka kikachanganyika na vyeupe vingine. Jua lilikuwa linatua nyuma ya visiwa.

Walibaki wamesimama pale pale, wamejipanga bila kujua, wafupi mbele na warefu nyuma. Wachukuzi walipita katikati yao na kuwasukuma, nao wakasogea na kurudi. Walikuwa wanasubiri, na hakuna aliyetambua wanasubiri nini mpaka Josephat alipokohoa.

"Basi," alisema, lakini hakujua kumalizia. Kusema "tawanyikeni" haikuwa kazi yake.

Mmoja mmoja waliondoka. Shimba aliwahi basi la Igoma. Josephat kivuko cha mwisho. Bernadeta alikaa kwenye jiwe juu ya gati, akaitazama meli ikiwa nukta, kisha moshi, kisha ziwa tupu. Alikaa mpaka mlinzi alipomjia na kumwambia, kwa heshima, kwamba geti linafungwa, mama.